Ufa Unaopumua: Kusoma Nyufa na Kupanga Msingi kwenye Udongo Mweusi wa Usangu

Oktoba 2019 niliitwa Igurusi, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kuangalia nyumba ya mwalimu mstaafu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, urefu mita 11 na upana mita 8, iliyojengwa mwaka 2011 juu ya msingi wa mawe uliochimbwa sentimita 60 tu. Ukuta wa kusini ulikuwa na ufa ulioanzia kwenye kona ya juu ya dirisha la chumba cha kulala, ukapanda kwa mshazari mpaka chini ya linta. Nilipoupima pale juu nilipata milimita 7.

"Fundi, huu ufa unapumua," Mwalimu akaniambia. "Ukija wakati wa masika hutauona hivi. Na wameshauziba mara tatu."

Nilirudi Aprili. Ufa uleule ulikuwa milimita 2 na nusu. Mlango wa chumba kile, ambao Oktoba ulikuwa unakwaruza sakafu, ulifunguka kwa kidole kimoja. Kwa jedwali tunalotumia kupanga nyufa, ambalo nitalieleza kwenye hatua ya tatu, nyumba hiyo ilikuwa daraja la 3 mwezi wa Oktoba, na daraja la 2 mwezi wa Aprili. Ndiyo maana ninaanza na udongo, milimita zifuate baadaye. Ukipima ufa mara moja na kuondoka, umejua tarehe uliyopima, hujaijua nyumba.

Kinachotokea chini ya nyumba

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaotanda kwenye tambarare za Usangu kuanzia Igurusi kwenda Chimala na Rujewa, una mfinyanzi wa jamii ya montmorilonaiti. Chembe zake ni tabaka nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, na maji huingia katikati ya kurasa hizo. Yakiingia, kitabu kinanenepa, yakitoka, kinasinyaa. Kila anayelima mpunga kule anaufahamu: masika unanata kwenye jembe na gari halipiti, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mtoto anaingiza mkono mzima.

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, halafu miezi mitano au sita mikavu. Kwa hiyo udongo unavuta pumzi moja ndefu na kuitoa mara moja kwa mwaka. Ungekuwa unapanda na kushuka sawasawa chini ya nyumba nzima, nyumba ingepanda na kushuka nao kama mtumbwi majini, na hata lipu isingepasuka. Lakini nyumba ni kifuniko. Katikati, chini ya sakafu, jua halikaushi na mvua hailoweshi, hivyo unyevu pale unabaki karibu uleule mwaka mzima. Kwenye kingo, yaani mita moja hadi mbili kuingia ndani kutoka ukuta wa nje, udongo unafuata msimu. Kiangazi kingo zinashuka huku katikati pamebaki juu. Masika kingo zinarudi, na pengine zinapita kimo cha katikati. Ukuta wa matofali hauwezi kupinda, kwa hiyo unapasuka.

Mti ulio karibu unaongeza shida hiyo upande mmoja tu, na bomba linalovuja linafanya vivyo hivyo kwa kinyume chake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni udongo huo

Nasisitiza hili kwa sababu si kila nyufa za Mbeya au Iringa zinatokana na mfinyanzi unaovimba. Kwenye miteremko ya Mbeya mjini udongo mwingi ni mwekundu au wa majivu ya volkano, na nyufa za huko mara nyingi zinaletwa na nyumba iliyokaa nusu kwenye udongo wa asili na nusu kwenye kifusi, au maji yanayochimba chini ya msingi. Udongo mwekundu wa vilimani Iringa na Njombe nao kwa kawaida hauvimbi sana. Ila kiwanja cha bondeni, karibu na vinyungu, zile bustani za mabondeni, kinaweza kuwa na udongo mweusi hata kama jirani wa mita 200 juu yako yuko kwenye udongo mwekundu. Tena Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutetemeka. Ufa wa tetemeko huja siku moja, mara nyingi kwa umbo la msalaba kati ya madirisha, wala hausubiri msimu.

Chimba shimo pembeni ya nyumba mwezi wa Septemba au Oktoba, mita 2 kama unaweza. Tazama nyufa za udongo zinaishia kina gani. Vunja bonge kwa mkono: ukiona nyuso zilizolala mshazari, laini, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, hapo udongo umekuwa ukijisugua wenyewe kwa miaka. Vinundu vidogo vyeupe vya chokaa ni dalili nyingine.

Halafu fanya kipimo cha chupa mbili. Wahandisi wa India, nchi yenye udongo mweusi mwingi kama huu, wanakitumia rasmi maabara, lakini hata nyumbani kinatoa picha nzuri. Chukua udongo kutoka kina cha mita moja, ukaushe kabisa, utwange, uchekeche kwa chujio la chai. Tafuta chupa mbili za kioo zinazofanana, zilizonyooka pembeni. Moja itie maji safi, nyingine mafuta ya taa. Mimina kila chupa kiasi sawa cha unga huo, kijiko kimoja kimoja, usizidi sehemu moja ya udongo kwa kumi za maji. Koroga kutoa mapovu, acha saa 24, kisha pima kimo cha udongo uliotuama kwa rula. Mafuta ya taa hayaingii kwenye zile kurasa, kwa hiyo chupa hiyo inakuonyesha udongo ambao haujavimba.

Kwa Mwalimu, chupa ya mafuta ilikuwa milimita 20 na ya maji milimita 33. Tofauti ni 13; ukigawa kwa 20 unapata asilimia 65. Chini ya asilimia 20 uvimbe ni mdogo. Ukipita 50, huo ni udongo wa kuuogopa.

Hatua ya pili: soma umbo la ufa kabla ya upana

Fundi mwenye haraka anatazama upana. Mimi kwanza natazama ufa unaelekea wapi na umefunguka zaidi wapi, kwa sababu hayo mawili yanasema ni sehemu gani ya nyumba inayotembea.

Ufa wa mshazari kwenye ukuta hupanda kuelekea pembe inayoshuka. Simama nje, ufuate kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Pembe ya nyumba iliyo upande unaokupeleka ndiyo inayozama. Kama pembe imeinuliwa badala ya kuzama, ufa utapanda kuikimbia pembe hiyo. Na kama ufa ni mpana juu na mwembamba chini, ncha za ukuta zimeshuka au katikati pamevimba: ukuta umepinda kama mgongo wa ng'ombe mwenye nundu. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati pamezama au ncha zimeinuka.

Kwa Mwalimu, ukisimama nje upande wa kusini, ufa ulipanda kwenda kulia, kwenye pembe ya kusini mashariki. Juu ulikuwa milimita 7, chini milimita 2. Kwa hiyo pembe hiyo ilikuwa inashuka kiangazi. Mita 5 kutoka hapo ilisimama milingoti miwili, mirefu kama mita 15, iliyopandwa mwaka 2014 kwa ajili ya kivuli na nguzo. Ufa wa kwanza Mwalimu aliuona 2016. Sikuhitaji kutafuta sana.

Nyufa ndogo zilizosambaa kama utando wa buibui kwenye lipu, bila kuingia kwenye tofali, si za udongo. Hiyo ni lipu yenye saruji nyingi iliyokauka haraka. Kwangua kidogo, kama tofali chini ni zima, endelea na shughuli zako.

Hatua ya tatu: upe ufa daraja lake

Jedwali linalotumika zaidi lilitoka kwa taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE, na lina madaraja kuanzia 0 hadi 5. Huhitaji kifaa cha bei. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1. Kadi ya benki ni milimita 0.76. Baada ya hapo tumia misumari na vipande vya nondo, maana vipimo vyake unavijua tayari.

Ufa ambao hata karatasi haiingii ni daraja la 0. Ambao kadi ya benki inaingia kwa shida, yaani mpaka milimita 1, ni daraja la 1; rangi inatosha kuuficha. Mpaka milimita 5 ni daraja la 2: milango inaweza kukwama kidogo, na ukuta wa nje unahitaji kuzibwa ili mvua isipite. Hadi hapo tunazungumzia sura ya nyumba.

Nondo ya milimita 6 ikiingia, uko daraja la 3, linaloanzia milimita 5 mpaka 15. Milango na madirisha yanakwama, mabomba yanaweza kukatika, na matofali kadhaa yatahitaji kubadilishwa. Nyufa kadhaa za milimita 3 zilizokaribiana nazo huhesabiwa hapa. Nondo ya 16 ikiingia ni daraja la 4, milimita 15 hadi 25: fremu zimepinda, sakafu inateremka kwa macho, ukuta umeanza kuegemea. Zaidi ya milimita 25 ni daraja la 5, na hapo tunaulizana kama nyumba itasimama.

Upana usikudanganye peke yake. Tundika timazi kando ya ukuta. Ukuta wa kimo cha mita 2.4 ukiwa umeegemea au kutokeza kwa milimita 25, au ukiona boriti ya paa imeanza kutoka kwenye kikao chake, toa watu chumba hicho na umwite mhandisi wiki hiyohiyo, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba. Ukuta wa gebo, ule wa pembe tatu chini ya paa, ndio ninaouogopa zaidi kwa sababu mara nyingi haujafungwa na kitu chochote juu.

Kwa mnunuzi: angalia nyumba ya Usangu mwishoni mwa Oktoba. Wauzaji wanaojua mambo hupaka rangi mwezi wa Mei.

Hatua ya nne: pima mwaka mzima

Hapa ndipo watu wanaponichoka. Wanataka kuziba, mimi nataka kupima. Lakini fikiria walichomfanyia Mwalimu mara tatu. Walikuja Oktoba, ufa ukiwa umefunguka kabisa, wakaujaza saruji kali. Masika udongo ukavimba, pembe ikapanda, ukuta ukataka kujifunga ukakuta kabari ngumu katikati. Nguvu ile lazima itafute pa kutokea, na ndivyo ulivyozaliwa ufa wa pili juu ya mlango. Hata bila saruji, vumbi na vipande vya lipu huangukia ndani ya ufa kiangazi, kwa hiyo kila masika unafunga pungufu kidogo kuliko mwaka uliopita. Ufa unakua hata kama udongo unarudi palepale.

Gongomea misumari midogo miwili ya chuma, mmoja kila upande wa ufa, sentimita 10 mbali, ndani ya tofali na si kwenye lipu. Toboa kwanza, kisha uibandike kwa gundi ya epoksi. Pima kati ya vichwa vyake kwa kalipa mara moja kila mwezi, asubuhi, maana ukuta uliopigwa na jua la mchana unatanuka. Andika tarehe. Vipande vya kioo vilivyobandikwa juu ya ufa vinakuambia tu kwamba umesogea. Havikuambii umesogea kiasi gani wala kwamba umerudi.

Vipimo vya Mwalimu, nikiweka upana wa ufa pale juu: Oktoba 2019 milimita 7, Desemba 6.5, ingawa mvua ilikuwa imeshaanza; Februari 4; Aprili 2.5, Juni 3, Agosti 5, Oktoba 2020 milimita 7.5. Angalia Desemba. Mvua za kwanza zinaingia kwenye mipasuko na kulowesha juujuu, mfinyanzi wenyewe unakunywa polepole, kwa hiyo ufa unachelewa nyuma ya mvua. Angalia pia Oktoba mbili: nusu milimita imeongezeka. Mwendo wa msimu ni milimita 5, ukuaji wa mwaka ni nusu milimita. Hivyo ni vitu viwili, na tiba zake ni mbili.

Pamoja na hiyo, zungusha mpira wa maji wa kupimia usawa kuzunguka nyumba Oktoba na Aprili. Toa mapovu yote ndani ya mpira, chagua kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, upime pembe zote nne ukilinganisha na moja. Mafundi huwa hawakuilaza kozi sawa kabisa tangu mwanzo, kwa hiyo kipimo cha kwanza peke yake hakithibitishi kitu. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo ushahidi. Tukiifanya pembe ya kaskazini magharibi kuwa sifuri, ile ya kusini mashariki ilikuwa chini kwa milimita 21 Oktoba na milimita 9 Aprili. Pembe nyingine zilibadilika milimita 1 au 2, ambayo ni makosa ya mpira wenyewe. Pembe moja inasafiri milimita 12 kila mwaka, nyumba iliyobaki imetulia.

Hatua ya tano: tuliza maji kabla ya kugusa msingi

Fundi mmoja alikuwa amemshauri Mwalimu achimbe chini ya pembe ile na kumwaga zege mpaka mita 2. Niliukataa ushauri huo. Pembe moja ikikaa juu ya zege refu lisilosogea, na nyumba iliyobaki ikiendelea kuelea kwenye udongo, umehamisha ufa kutoka dirishani kwenda ukuta unaofuata. Kushusha msingi ni kwa nyumba nzima, au kwa mpango wa mhandisi aliyeona vipimo vyako.

Miti kwanza. Kanuni yangu kwa udongo huu ni kwamba mti ukae mbali na nyumba angalau kwa urefu wake utakapokomaa, na mlingoti uongezewe robo. Kabla ya kukata, uliza: mti na nyumba, nani alitangulia? Mti ulioikuta nyumba ukikatwa, udongo unarudi kwenye kimo ulichokuwa nacho siku ya kujenga. Mti uliokuwepo kabla ulikuwa umeshaukausha udongo ambao msingi ulilazwa juu yake. Ukiukata, udongo utavimba kupita pale ulipoanzia, na uvimbe huo unaweza kuendelea kwa miaka na kupasua nyumba vibaya kuliko mwanzo. Huo wa pili mara nyingi ni bora kuupunguza matawi kila mwaka kuliko kuukata.

Milingoti ya Mwalimu ilikuja baada ya nyumba, basi ilikwenda: mmoja Novemba 2020, wa pili Novemba 2021, ili pembe ipande taratibu. Visiki vya mlingoti huchipua. Mjukuu wake alipewa kazi ya kukata machipukizi kila mwezi mpaka mizizi ikachoka, maana chipukizi la mita 3 linakunywa kama mti.

Halafu maji ya paa. Nyumba haikuwa na gata; mvua yote ilianguka sentimita 50 kutoka ukutani na kuchimba mfereji wa kulowesha msingi. Mei na Juni 2021 tuliweka gata, maji yakapelekwa kwenye mtaro mita 3 kutoka nyumbani. Kuzunguka nyumba yote tukamwaga kibaraza cha zege cha upana wa mita 1.5, chini yake karatasi ya nailoni nzito, kikiteremka kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita. Kazi yake ni kusogeza ule ukingo unaokauka na kulowa uwe nje ya ukuta. Kibaraza hakikufungwa na ukuta: tuliacha nafasi ya sentimita 1 na kuijaza lami, kwa sababu kibaraza chenyewe kitapanda na kushuka. Bomba la uani, lililokuwa likidondosha usiku kucha karibu na jiko, lilihamishwa. Bustani ya mchicha iliyokuwa chini ya dirisha pia, na hilo ndilo lililotuletea ugomvi kuliko milingoti.

Hatua ya sita: ziba

Oktoba 2022 ufa ulikuwa milimita 4. Aprili 2023 milimita 3. Mwendo wa msimu ulikuwa umeshuka kutoka milimita 5 hadi 1. Hapo ndipo nilipokubali kuziba, mwezi wa Juni, ukuta ukiwa katikati ya safari yake.

Tulitoa saruji yote ya zamani na kusafisha vumbi kwa brashi na pampu ya baiskeli. Kila baada ya kozi tano tulichimba kiungo cha ulalo kina cha sentimita 4, tukalaza nondo ya milimita 6 yenye urefu wa mita 1, nusu kila upande wa ufa, na kuifunika kwa mota. Matofali mawili yaliyokatika tuliyabadilisha. Ufa wenyewe tuliujaza mota laini ya chokaa, saruji na mchanga kwa uwiano wa 1:1:6. Mota dhaifu kuliko tofali ikipasuka, inapasuka yenyewe, nyembamba, na unaiziba kwa brashi. Saruji kali inalivunja tofali. Kwa miaka ile ya kupima, kama mvua ilikuwa inaingia, tulitumia silikoni tu, ambayo inavutika.

Vyumba vipya viwili

Mwalimu alitaka kuongeza vyumba viwili upande wa magharibi, na hapa tulikuwa na nafasi ya kuanza vizuri. Shimo la Oktoba 2022 lilionyesha udongo mweusi mpaka mita 1.7, kisha udongo wa kahawia wenye changarawe, mkavu kidogo na mgumu, usio na mipasuko.

Ungekuwa na kina chini ya mita moja, ningeuchimba wote, mita moja zaidi ya kuta kila upande, na kujaza moramu ikishindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Si mchanga: mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi ni beseni, unahifadhi maji ya mvua chini ya nyumba. Ungekuwa na kina cha mita 4, ningemwambia amlipe mhandisi amchoree jamvi zito la zege lenye mihimili, au nguzo zilizotobolewa chini kabisa. Kwa mita 1.7 tulichagua nguzo fupi na mhimili wa ardhini, mhandisi akathibitisha vipimo.

Tulichimba Juni 2023, baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Anayemwaga msingi Oktoba juu ya mfinyanzi uliopasuka anajenga juu ya udongo unaosubiri kuvimba. Mashimo yalishuka mita 2.2, yakaingia kwenye changarawe, na zege la kusawazisha la sentimita 5 likamwagwa siku hiyohiyo ili chini pasikauke. Juu ya kila kitako, yaani pedi ya zege iliyolazwa chini ya shimo, ilisimama nguzo ya zege. Nondo zake hazikukatwa popote kutoka kitakoni hadi kwenye mhimili, kwa sababu mfinyanzi unapovimba unashika nguzo ubavuni na kuivuta juu. Nguzo isiyo na nondo inakatika. Ubavu tuliuzungushia nailoni mara mbili ili udongo uteleze.

Mhimili wa juu, sentimita 25 kwa 40, ulikuwa na nondo mbili za 12 chini na mbili juu. Fundi alitaka kupunguza za juu. Hapana, udongo huu unaweza kuupinda mhimili kwenda juu au kwenda chini. Chini ya mhimili tuliacha uwazi wa sentimita 10. Vijana walipendekeza tujaze pumba za mpunga, ambazo Mbarali hazina mwisho, zioze zenyewe. Pumba zinachukua muda mrefu sana kuoza, na zikishindiliwa zinakuwa godoro gumu linalopokea uvimbe na kuupeleka kwenye mhimili. Tulimwaga juu ya mbao zilizoegemezwa, na baada ya wiki tatu tukazitoa na kuchokoa udongo. Vigae vya zege vilivyoegemezwa kwa nje vinazuia udongo usirudi ndani.

Sakafu ilikaa peke yake: sentimita 60 za udongo mweusi zilitolewa, moramu ikashindiliwa, na jamvi likamwagwa bila kugusa mhimili, nafasi ya sentimita 1 kuzunguka. Hakuna ukuta uliojengwa juu ya jamvi hilo.

Kati ya nyumba ya zamani na vyumba vipya hakuna tofali lililoungana. Nyumba ya zamani bado inaelea, mpya imesimama kwenye changarawe, na ukizifunga pamoja zitapasuana. Pengo la milimita 25 linatoka msingini mpaka kwenye paa, na paa zenyewe zimekatwa. Mwalimu hakupenda kuliona, kwa hiyo tuliweka ubao wa mninga juu yake, ukiwa umepigiliwa misumari upande mmoja tu. Oktoba iliyofuata ubao ulikuwa umeteleza milimita 2, na rangi ilikuwa imekwaruzwa pale ulipopita.